Barua ya kumwomba mhadhiri msaada kabla ya sapu: mfano wa mlinganyo wa Gibbs-Helmholtz

Matokeo yakishatoka, mhadhiri wa kemia ya kifizikia huanza kupokea barua zinazofanana: "Shikamoo Dokta, naomba unisaidie, thamodinamiki inanisumbua sana, hasa Gibbs-Helmholtz." Heshima ipo, unyenyekevu upo, lakini mwenye kusoma hajui aanzie wapi. Akijibu atasema "rudia noti za wiki ya sita" au "njoo ofisini", na ukifika ofisini atakuuliza hukuelewa wapi, nawe utasema kote. Mtaachana baada ya dakika kumi, na hapo hujapata ulichokifuata.

Barua inayoleta msaada ni ile inayomwonyesha mhadhiri mstari wenyewe ulipokwamia. Kwa hiyo kazi kubwa ya barua hii hufanyika kabla ya kuandika salamu, kwa karatasi tupu na kalkuleta. Kwenye mlinganyo huu kazi hiyo ni ya jioni moja, maana mahali pa kukwama ni pachache na panajulikana vizuri.

Kwanza, tafuta mstari ulipokwamia

Funga noti. Chukua karatasi uandike vitu viwili tu unavyovijua: maana ya nishati huru ya Gibbs, na jinsi inavyobadilika na jotoridi presha isipobadilika.

```
G = H − TS
(∂G/∂T)p = −S
```

Sasa jaribu kufika kwenye mlinganyo wenyewe bila kuchungulia:

```
(∂(G/T)/∂T)p = −H/T²
```

Njia ya kawaida ni kuchukua G/T kama sehemu yenye juu na chini, kisha kuidifarenshieti kwa kanuni ya mgawo. Unapata vipande viwili: mteremko wa G uliogawanywa kwa T, kisha unatoa G iliyogawanywa kwa T². Mahali pa mteremko wa G weka −S. Ukileta vyote juu ya T² unabaki na −(TS + G)/T², na kwa kuwa G + TS ndiyo H, kazi imekwisha. Ni mistari minne.

Ukikwama kwenye kanuni ya mgawo, tatizo lako ni hisabati ya mwaka wa kwanza, na hilo hulipeleki kwa mhadhiri wa thamodinamiki. Mwenzako wa chumba anaweza kukuonyesha. Ukikwama pale −S inapoingia, rudi kwenye dG = −S dT + V dp, uone kwamba presha ikisimama dp ni sifuri. Hilo nalo liko kwenye noti zako, ukurasa mmoja au miwili nyuma.

Lakini wapo wengi wasiokwama popote, na hao ndio wa kuangaliwa kwa makini. Wanapita njia nyingine, fupi zaidi. Wanaandika G/T = H/T − S, wanadifarenshieti, wanasema H haibadiliki, S haibadiliki, kwa hiyo S inapotea na H/T inatoa −H/T². Jibu ni lile lile. Msahihishaji anaweka alama pungufu, mwanafunzi analalamika kwamba kaonewa. Hakuonewa. H inabadilika na jotoridi, S nayo inabadilika, na hakuna aliyempa ruhusa ya kuzisimamisha. Ukiona karatasi yako ina mstari huo, uwekee alama kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hapo pana swali.

Pili, fanya hesabu moja mpaka mwisho

Chukua utengenezaji wa amonia, kwa kuwa tarakimu zake ziko kwenye kila kitabu cha somo hili:

```
N₂ + 3H₂ → 2NH₃
ΔH° = −92.22 kJ/mol   (298.15 K)
ΔG° = −32.90 kJ/mol   (298.15 K)
```

Swali la mtihani huwa ni hili: tafuta ΔG° kwenye 500 K. Mlinganyo wa Gibbs-Helmholtz ukishauintigreti kati ya majotoridi mawili, ukichukulia ΔH haibadiliki, unakuwa hivi:

```
ΔG₂/T₂ = ΔG₁/T₁ + ΔH(1/T₂ − 1/T₁)
```

Fanya vipande kimoja kimoja, usiingize vyote kwenye kalkuleta kwa mkupuo. Kipande cha kwanza, −32.90 gawanya kwa 298.15, ni −0.1103. Kisha mabano: 1/500 toa 1/298.15 ni −0.001354. Zidisha kwa −92.22, hasi kwa hasi, unapata +0.1249. Jumla ni +0.0145. Hiyo bado si ΔG, ni ΔG iliyogawanywa kwa 500. Zidisha kwa 500 upate karibu +7.26 kJ/mol.

Kuna makosa mawili yanayojirudia hapa, na yote unaweza kuyakamata mwenyewe bila kumsumbua mtu. La kwanza ni kusahau kuzidisha kwa T₂ mwishoni, ukaandika ΔG = 0.0145. Namba ndogo kiasi hicho kwa mmenyuko kama huu itie shaka papo hapo. La pili ni kugeuza mabano, ukaandika 1/T₁ − 1/T₂. Ukifanya hivyo utapata karibu −118 kJ/mol. Kabla ya kushangilia, jiulize: mmenyuko huu unatoa joto, na molekuli nne za gesi zinakuwa mbili. Ukiupasha moto, utapendelea zaidi kwenda mbele? Hapana. Kwa hiyo ΔG lazima ipande kadiri jotoridi linavyopanda, na jibu lolote linaloshuka chini ya −32.90 ni kosa la alama.

Sasa fanya hesabu ile ile kwa njia ya shule. Tafuta ΔS kutoka kwenye tarakimu za 298.15 K: (−92.22 + 32.90)/298.15, unapata −0.1990 kJ kwa kila kelvini. Weka kwenye ΔG = ΔH − TΔS kwa T = 500. Jibu: +7.26.

Namba ni ile ile. Hapo mwanafunzi makini anakunja uso: kama njia ya sekondari inanipa jibu lile lile, mlinganyo huu wenye majina mawili makubwa unanisaidia nini? Usilifute swali hilo kwa aibu. Ndilo swali zuri kuliko yote utakayoyapata jioni hiyo.

Tatu, chagua swali moja

Mezani una mashaka mawili: kwa nini nilipata jibu sahihi nilipozisimamisha H na S, na kwa nini njia mbili zinatoa 7.26. Yatazame vizuri utaona ni shaka moja. Yote mawili yanauliza kipi kinachukuliwa kuwa hakibadiliki, na wapi. Hilo ndilo la kupeleka kwa mhadhiri. Ni dogo, anaweza kulijibu kwa aya mbili au kwa robo saa ubaoni, na kwa mimi ninayesoma barua hizi linaonyesha kwamba mwandishi ameshafanya kazi.

Yapo mambo ya kuacha nje ya barua. Usiombe "maeneo" yatakayotoka. Usiulize kama sapu itafanana na mtihani wa kwanza. Usiombe alama za kazi za muhula ziangaliwe upya ndani ya barua hii hii. Kama una madai ya alama, hayo yana njia yake idarani na barua yake ya peke yake. Na hadithi ya matatizo ya nyumbani, hata iwe ya kweli, ipe sentensi moja tu kama ilikukosesha vipindi, maana mhadhiri anahitaji kujua hukuwepo darasani wiki zipi. Ikizidi hapo, swali lako linafunikwa.

Kuhusu kudisko: wengi huandika "Dokta nikifeli hii nadisko." Anajua. Sentensi hiyo haimwelezi ulipokwama, na inamfanya asome barua yako kama ombi la huruma wakati wewe umekuja na swali la kemia.

Nne, andika

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Iwe baruapepe au karatasi utakayoiacha kwa katibu muhtasi wa idara, mpangilio ni ule ule. Lugha andika ile mnayotumia naye ofisini. Hapa mfano ni wa Kiswahili, na kama kwenu barua za kozi huandikwa kwa Kiingereza, mpangilio na hoja zitabaki hivi hivi.

Mfano kamili huu hapa.

---

Jina na namba ya usajili
Mwaka wa pili, Shahada ya Sayansi na Elimu
Namba ya simu
Tarehe

Dkt. (jina lake),
Idara ya Kemia.

Shikamoo Dokta.

YAH: KUOMBA UFAFANUZI WA SWALI MOJA KUHUSU MLINGANYO WA GIBBS-HELMHOLTZ KABLA YA SAPU

Mimi ni mwanafunzi wako wa Kemia ya Kifizikia, muhula uliopita. Sikufaulu mtihani wa mwisho na nitafanya sapu. Nimepitia upya swali la Gibbs-Helmholtz nikiwa na karatasi tupu, na kuna jambo moja nimeshindwa kulimaliza peke yangu.

Ninaweza kupata mlinganyo kwa kanuni ya mgawo kuanzia G/T. Lakini kwenye mtihani nilitumia njia nyingine: niliandika G/T = H/T − S, nikachukulia H na S hazibadiliki, nikapata −H/T². Jibu ni sahihi ila najua hoja yangu si sahihi, kwa sababu H na S zote hubadilika na jotoridi. Sielewi kwa nini kosa hilo halikuharibu jibu.

Halafu nimekokotoa ΔG° ya kutengeneza amonia kwenye 500 K, nikianza na ΔG° = −32.90 na ΔH° = −92.22 kJ/mol kwenye 298.15 K. Kwa mlinganyo uliointigretiwa nimepata +7.26 kJ/mol. Kwa ΔG = ΔH − TΔS nimepata +7.26 vilevile. Nadhani njia zote mbili zimebeba dhana ile ile kwamba ΔH haibadiliki kati ya 298 na 500 K, lakini sina hakika, na sijui dhana hiyo inavunjika lini.

Swali langu, Dokta, ni hili: katika mlinganyo huu, ni wapi hasa tunachukulia kwamba ΔH haibadiliki, na ni wapi hatuhitaji kuchukulia hivyo?

Nimeambatisha kurasa mbili za kazi yangu. Mstari ninaoutilia shaka umewekwa alama nyekundu. Nikipata nafasi ya dakika kumi na tano katika muda unaopokea wanafunzi wiki hii au ijayo, nitashukuru. Kama nafasi ni finyu, hata kunielekeza ukurasa wa kusoma kutanitosha.

Nakushukuru, Dokta.

Mwanafunzi wako,
(Sahihi na jina)

---

Nieleze machache yaliyomo humo, maana wengine hunakili umbo wakaacha uzito.

Kichwa cha habari kinataja swali moja. Mtu aliyefungua baruapepe zake akiwa kwenye foleni ya benki anajua papo hapo kwamba hii si barua ya kubembeleza. Nimeiacha ile "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Haina ubaya, ila inakula mstari bila kusema kitu. Shikamoo nimeibakiza. Kwetu barua kwa mwalimu isiyo na salamu husomeka kama hati ya mashtaka, hata iwe fupi namna gani.

Aya ya pili inaanza na anachokiweza. Hilo linampunguzia mhadhiri kazi: hatakufundisha tena kanuni ya mgawo. Kisha mwandishi anataja alichofanya kwenye mtihani kama kilivyokuwa, na anasema kwa nini anakitilia shaka. Usiandike "nilichanganyikiwa". Andika ulichokiandika.

Aya ya tatu ina tarakimu za kuanzia na jibu. Bila tarakimu za kuanzia mhadhiri hawezi kuihakiki kazi yako, kwa sababu majedwali hutofautiana kidogo na ΔG° ya amonia unaweza kuikuta −32.9 hapa na −32.7 pale. Taja na vizio kila mara. Mwanafunzi anayeandika "nilipata 7.26" bila kilojuli wala juli ameshamwonyesha mhadhiri kosa jingine.

Sentensi muhimu kuliko zote ni ile inayoanza na "nadhani". Umekisia jibu, ukasema sababu, ukakiri mahali ambapo hakika yako inaishia. Mhadhiri akisoma hapo ataona mara moja kama umekaribia au umepotea, na jibu lake litaanzia palepale.

Kutuma na kusubiri

Peleka mapema, ukingoja siku mbili kabla ya mtihani atakujibu ukiwa umeshatoka chumbani. Picha za karatasi zipige mchana penye mwanga, karatasi ikiwa imenyooka, uziunganishe kwenye PDF moja. Jina la faili liwe na namba yako ya usajili. Picha sita za giza zilizotumwa WhatsApp moja moja hazifunguliwi na mtu.

Siku nne au tano zikipita kimya, tuma ujumbe mfupi wa kukumbusha juu ya baruapepe ileile ili asitafute upya: "Shikamoo Dokta, nakumbushia ombi langu la ufafanuzi wa Gibbs-Helmholtz. Naweza kufika Alhamisi muda wa kupokea wanafunzi?" Akinyamaza tena, nenda kwa msaidizi anayeongoza semina ukiwa na karatasi zile zile. Mara nyingi yeye ndiye anayesahihisha, na ana muda zaidi.

Jibu utakalopewa, na jinsi ya kulipokea

Ni vizuri uende ukijua jibu linaelekea wapi, usije ukaandika kila neno bila kusikia hata moja. Kwa swali hili mhadhiri atagawa mambo mawili.

La kwanza ni mlinganyo wenyewe, ule wa mteremko wa G/T. Hapo kinachosimama ni presha tu. H haichukuliwi kuwa haibadiliki, na mlinganyo ni sahihi kwenye kila jotoridi, mradi H uliyoiweka ni ya jotoridi hilo. Ukitaka kupita njia ya H/T − S bila kudanganya, difarenshieti kila kitu. H/T inatoa Cp/T kisha toa H/T², kwa sababu mteremko wa H presha ikisimama ni Cp. S inatoa Cp/T, na kwa kuwa mbele yake pana alama ya kutoa, Cp/T inafuta Cp/T. Kinachobaki ni −H/T².

```
(∂(H/T − S)/∂T)p = Cp/T − H/T² − Cp/T = −H/T²
```

Hiyo ndiyo sababu kosa lako halikuharibu jibu. Vitu viwili ulivyovipuuza vina ukubwa sawa na alama tofauti, vikafutana. Msahihishaji alikunyima alama kwa sababu hukuonyesha kufutana huko. Uliandika kwamba havipo. Ukiandika mstari huo mmoja kwenye sapu, hakuna wa kukukata.

La pili ni ile fomula iliyointigretiwa. Dhana inaingia hapo tu. Ili kuitoa ΔH nje ya alama ya intigreti, lazima useme kwamba haibadiliki kati ya T₁ na T₂. Ukishasema hivyo umesema pia kwamba ΔCp ni sifuri, na kwa hiyo ΔS nayo haibadiliki. Basi umerudi kwenye mstari ulionyooka wa ΔH − TΔS, na ndiyo maana 7.26 ikatokea mara mbili. Njia mbili hazikuthibitishana. Ni dhana moja iliyovaa nguo mbili.

Hapa muulize swali la kufuatilia ambalo wanafunzi wachache huliuliza: dhana hiyo imenigharimu kiasi gani kwenye amonia? Unaweza hata kwenda na jibu. Ukitumia Cp za gesi hizi kwenye 298 K, ΔCp ya mmenyuko ni karibu −45 J kwa kila kelvini. Kutoka 298 hadi 500 K hiyo inaisogeza ΔH kutoka −92 hadi karibu −101 kJ/mol. Ukiiingiza ΔH inayobadilika ndani ya intigreti, ΔG kwenye 500 K inapanda kutoka 7.26 hadi karibu 9.8. Majedwali ya thamodinamiki yanaiweka kati ya 9 na 10. Kwa hiyo dhana iliipa alama sahihi, chanya, lakini ikapungukiwa na kilojuli mbili na ushee. Ukiigeuza kuwa kiwango cha msawazo K, kilojuli hizo mbili na nusu si ndogo: K inashuka kutoka karibu 0.17 hadi karibu 0.1.

Na hapo ndipo swali lako la "unanisaidia nini" linapojibika. Njia ya ΔH − TΔS yenye namba zilizogandishwa haina pa kuingizia ΔH inayobadilika. Gibbs-Helmholtz inapo: ndani ya intigreti, mahali pa ΔH, unaweka fomula ya ΔH kulingana na T. Zaidi ya hapo inafanya kazi kinyumenyume. Ukipima ΔG kwenye majotoridi kadhaa, ukachora ΔG/T dhidi ya 1/T, mteremko wa mchoro ndio ΔH, bila kugusa kalorimita. Helmholtz alipoandika juu ya mambo haya mwaka 1882 alikuwa akifikiria betri: ΔG unaisoma kwenye volti, na ukijua volti inabadilika vipi na jotoridi unapata ΔH.

```
ΔH = −nF(E − T·dE/dT)
```

Mhadhiri akigusa betri, andika. Maswali ya sapu hupenda kutoka upande huo, kwa sababu aliyekariri fomula ya majotoridi mawili hukwama pale.

Angalia pia mchoro wake. Ukichora dhidi ya 1/T mteremko ni +ΔH, ukichora dhidi ya T mteremko ni −ΔH/T² na mstari unapinda. Watu huandika alama ya hasi kwenye mchoro wa 1/T kwa mazoea, wakapata mmenyuko wa amonia unaofyonza joto. Tarakimu zako zinatosha kukuonya: 1/T ilipopungua, ΔG/T ilipanda kutoka −0.1103 hadi +0.0145, kwa hiyo mteremko ni hasi, na ΔH ni hasi.

Baada ya kutoka ofisini

Siku hiyohiyo, kabla ya kulala, andika upya kurasa zako mbili ukiwa na mstari wa Cp uliofutana na sentensi moja chini ya fomula ya majotoridi mawili: "Hapa nimechukulia ΔH haibadiliki kati ya T₁ na T₂." Sentensi hiyo ina alama zake kwenye mitihani mingi, na ndiyo uliyoikosa mara ya kwanza. Mtumie mhadhiri ujumbe wa mistari miwili wa kushukuru, ukitaja ulichokielewa, siyo "asante kwa muda wako" tu. Akiona umekosea tena atakurekebisha kwa neno moja.

Kisha jipime kwa mmenyuko ambao hamkuufanya pamoja. Uchomaji wa chokaa unafaa: CaCO₃ kuwa CaO na CO₂, ΔH° = +178.3 na ΔG° = +130.4 kJ/mol kwenye 298.15 K. Tafuta jotoridi ambapo ΔG° inakuwa sifuri, ukichukulia ΔH haibadiliki. Utapata karibu 1110 K, yaani nyuzi 837 za selsiasi. Kwa kweli chokaa hufika hapo kwenye jotoridi la juu kidogo, kuelekea nyuzi 900. Ukiweza kueleza kwa maandishi pengo hilo limetoka wapi, swali la Gibbs-Helmholtz kwenye sapu unalo.